Ushahidi umejaa, mbishi hayupo: kuisuka upya insha ya hoja

*"Shikamoo mwalimu. Nipo mwaka wa kwanza chuoni. Nimeandika insha ya maneno kama 1,500 kutetea Kiswahili kitumike kufundishia sekondari hapa Tanzania. Nilikusanya ushahidi wa kutosha nikaupanga vizuri, lakini mhadhiri ameirudisha, pembeni ameandika: 'Umeorodhesha tu. Wanaokupinga wanasema nini, na wewe unawajibu nini?' Niirekebishe vipi bila kuanza upya? Na nikiwaandikia wapinzani hoja zao, si nitakuwa naibomoa insha yangu mwenyewe? Aya yenyewe nimeiweka hapa chini."*

*"Kwanza, mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule za msingi. Pili, mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kitumike pia sekondari. Tatu, mwaka 1984 watafiti Waingereza, Criper na Dodd, walionyesha kuwa Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari ni dhaifu. Nne, mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia. Tano, Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kitatumika ngazi zote. Sita, mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kwa ushahidi huu wote, ni wazi kwamba Kiswahili kinafaa kufundishia sekondari."*

Marahaba, mwanangu. Aya yako nimeisoma mara tatu. Ushahidi wako karibu wote utabaki, kwa hiyo usitupe kitu. Kitakachobadilika ni mahali ulipoukalisha.

Nianze na hofu yako ya mwisho, kwa sababu ndiyo inayowazuia wengi. Ukiandika hoja ya mpinzani huipandi wewe kichwani mwa msomaji. Imo tayari. Anayesoma kwamba Kiswahili kitumike kufundishia kemia atajiuliza hapohapo: na Kiingereza je? Na istilahi je? Usipomjibu anaendelea kusoma huku swali linamkereketa, na kila ushahidi unaomwongezea anaupokea kwa mashaka. Waliolelewa kwenye malumbano ya mashairi wanalijua hili. Mshairi anayejibu huanza kwa kuyashika maneno ya mwenzake, akayarudia msikilizaji asikie yalivyo, kisha ndipo akaanza kuyafungua. Anayejibu bila kuyashika kwanza huambiwa amekwepa.

Sasa itazame orodha yako: 1967, 1982, 1984, 1990, 2014, 2021. Umeipanga kwa miaka. Hiyo ni historia ya suala, na historia hujibu swali la "nini kilitokea lini". Swali la insha yako ni "kwa nini tukubali", na hilo halijibiwi na kalenda. Jaribio lake ni jepesi: chukua kipengele cha nne ukiweke mahali pa pili, cha sita ukipeleke juu. Aya imeharibika wapi? Haijaharibika popote. Sentensi zikiweza kubadilishana viti bila mtu kugundua, hakuna inayomtegemea mwenzake, na hiyo ndiyo maana ya neno "umeorodhesha". Ukimaliza kuirekebisha, rudia jaribio hilohilo kwenye aya zako mpya. Ukihamisha aya ya pili ikawa ya kwanza na kitu kisivunjike, bado kazi haijaisha.

Kabla hujaandika neno jipya, chukua karatasi uigawe katikati. Kushoto nakili vipengele vyako sita, kimoja kimoja, ukiacha nafasi. Kulia, mbele ya kila kimoja, andika sentensi moja ambayo mtu mwenye akili asiyekubaliana nawe angeitamka. Namaanisha mtu wa kweli, labda mwalimu wako wa fizikia wa kidato cha tano, au mjomba anayejinyima alipe ada ya shule ya mchepuo wa Kiingereza. Wakati wa kuandika upande wa kulia usijibu chochote. Sikiliza tu.

Utakutana na jambo ambalo pengine hukulitarajia. Mbele ya tume ya Makweta mjomba atasema: "Serikali iliyakataa mapendekezo hayo." Ni kweli, hayakukubaliwa, na sekondari ikabaki na Kiingereza. Mbele ya sera ya 2014 atasema: "Ilitamka, ikatekelezwa wapi? Tena sera hiyohiyo ilisema Kiingereza kitaimarishwa, na sera yenyewe imeshatolewa toleo jingine mwaka 2023." Hapo pia ana haki. Vipengele viwili kati ya sita ulivyovitegemea kama nguzo vinaweza kubebwa na mpinzani wako bila kubadilisha hata neno: jambo hili limependekezwa mara mbili, na mara mbili halikutekelezwa, basi lazima kuna sababu. Ulipoviandika ndani ya orodha hukuliona hilo, kwa sababu orodha haimpi nafasi mtu wa pili kusema.

Usivifute kwa ajili hiyo. Vihamishie utangulizi, na uviseme vyote: kwamba jambo hili limependekezwa, likaahirishwa, likapendekezwa tena, na hadi leo mwanafunzi anayetoka darasa la saba lenye Kiswahili huingia kidato cha kwanza chenye Kiingereza. Hapo vinafanya kazi vinayoiweza, kumwonyesha msomaji kwamba mgogoro upo na haujaisha. Na kipengele cha 1967 kinaingia humo humo, kwa kuwa ndicho kilichozaa hilo pengo kati ya msingi na sekondari.

Kuna kasoro nyingine ambayo mhadhiri wako hakuiandika, labda kwa kukosa nafasi pembeni. Insha haina sababu. Ina ushahidi sita na sababu sifuri. Kiswahili kitumike kwa nini? Nimeitafuta sentensi hiyo nikaikosa. Nadhani sababu yako ni kwamba mtu hawezi kujifunza jambo kwa lugha asiyoielewa. Kama ndiyo, iandike, kwa maneno mepesi kama hayo, mara tu baada ya utangulizi, na uipe aya nzima. Eleza yanayotokea darasani, ambayo wewe mwenyewe umeyaona: mwalimu anasoma sentensi ya Kiingereza ubaoni, anageuka, anaieleza kwa Kiswahili, wanafunzi wanaelewa, kisha wananakili ile ya Kiingereza kwa ajili ya mtihani. Wapinzani hawawezi kuja kabla ya sababu, maana watapinga nini? Nimesoma insha nyingi zinazofungua na "wapo wanaosema" wakati mwandishi mwenyewe hajasema lolote bado, na msomaji anajikuta kwenye ugomvi asiojua ulianzia wapi.

Sasa tuje kwa wapinzani. Upande wa kulia wa karatasi yako utakuwa na sentensi sita au saba, na nyingi zitakuwa zinarudia jambo moja kwa maneno tofauti. Zikunje zibaki tatu. Kwa mada hii mimi ningebaki na hizi: Kiingereza ni lugha ya dunia, Kiswahili hakijajiandaa kwa istilahi na vitabu, na ya tatu, matajiri wataendelea kulipia Kiingereza huku watoto wa wakulima wakiachiwa Kiswahili. Gharama za kuchapa vitabu na kuwaandaa walimu zipo, ila zitaingia ndani ya ile ya pili, hazihitaji aya yake.

Mpangilio wake si wa bahati. Ya kwanza inahoji kama jambo lenyewe ni jema. Ya pili inasema: haya, tuseme ni jema, linawezekana? Ya tatu inasema: tuseme linawezekana, litamwumiza nani? Kila moja inasimama juu ya jibu la iliyotangulia. Ukianza na istilahi kabla ya kumaliza suala la Kiingereza, msomaji atakusikiliza kwa sikio moja, kwa kuwa hata ukimthibitishia kwamba maneno yapo, yeye bado haoni kwa nini yatumike. Wapo wanaofundisha kwamba hoja dhaifu ya mpinzani itangulie na nzito ije mwisho, na wapo wanaofundisha kinyume chake. Mimi ninashika utegemezi: ni swali gani haliwezi kuulizwa mpaka lingine limejibiwa? Ukiufuata huo, uzito hujipanga wenyewe mara nyingi, na katika mada yako ya tatu ndiyo nzito kuliko zote.

Ndani ya kila aya kuna kazi tatu, na zifuatane hivi: kuitaja hoja, kuijibu, kuipangua. Watu huchanganya kujibu na kupangua wakadhani ni kitu kimoja. Kujibu ni kumwambia mpinzani umemsikia na kumpa kilicho chake: hapa una haki, kiasi hiki. Kupangua ni kuonyesha kwamba hata baada ya kumpa hicho, hitimisho lake halifuati. Ukiruka kujibu ukaenda moja kwa moja kupangua, unaonekana mkaidi. Ukijibu ukaishia hapo, umesalimu amri bila kujua. Tazama ya kwanza ikiandikwa yote:

*"Wanaotaka Kiingereza kibaki wana hoja yenye uzito. Vitabu vingi vya chuo kikuu vimeandikwa kwa Kiingereza, nafasi nyingi za masomo nje ya nchi hukidai, na kijana wa Kitanzania anashindania ajira na wenzake wa Kenya na Uganda ambao wamekitumia darasani tangu shule ya msingi. Kwao, kukiondoa Kiingereza darasani ni kumfungia kijana huyu mlango. Ni kweli kwamba anakihitaji, na insha hii haidai akiache. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba ukimfundisha mtu fizikia kwa Kiingereza, Kiingereza nacho kitamwingia. Criper na Dodd walipochunguza suala hili mwaka 1984 walikuta wanafunzi wengi, baada ya miaka ya kufundishwa kwa Kiingereza, hawana Kiingereza cha kutosha kusomea masomo yao. Watafiti hao walishauri Kiingereza kiimarishwe, hawakushauri kiondolewe. Hata hivyo, walichokikuta kinaonyesha kwamba kuifanya lugha kuwa ya kufundishia hakutoshi kuifundisha. Kama lengo ni kijana ajue Kiingereza, basi afundishwe Kiingereza, kama somo, na mwalimu wa Kiingereza."*

Sentensi tatu za mwanzo ni kutaja. Angalia kwamba mpinzani amepewa sababu zake, na sababu zake nzuri, kwa sauti ambayo mwenyewe angeitambua. Ifunike sehemu iliyobaki kwa kiganja, usome hizo tatu tu. Kama mjomba wa mchepuo wa Kiingereza angetikisa kichwa akasema "hapo umenisema sawasawa", umetaja. Kama angekasirika, rudi uandike tena. "Wengine wanadai Kiingereza ni bora kuliko Kiswahili" si kutaja. Hiyo ni sanamu ya matambara umeisimamisha ili uipige, na msomaji anayemjua mjomba halisi ataona kwamba umempiga mtu ambaye hayupo.

Sentensi ya nne, ile ya "ni kweli kwamba", ndiyo jibu. Ni fupi, na inafanya jambo kubwa: inatenganisha Kiingereza kama somo na Kiingereza kama lugha ya kufundishia. Nusu ya ubishi wa suala hili Tanzania unatokana na watu kuvichanganya hivyo viwili, na wewe umevitenganisha kwa kukubali, bila kugombana.

Kisha "lakini hoja hiyo inachukulia kwamba". Maneno haya yashike, kwa sababu ndipo kupangua kunapoanzia. Hoja za mpinzani huwa na ukweli wake, na aghalabu huwezi kuupinga ukweli huo: vitabu vya Kiingereza ni vingi, basi. Kinachopingika ni lile daraja lisilosemwa kati ya ukweli na hitimisho. Mpinzani amevuka kutoka "kijana anahitaji Kiingereza" hadi "afundishwe fizikia kwa Kiingereza", na daraja alilopitia hakulitaja. Kazi yako ni kulitaja, ulione, ulipime. Hapo ndipo kipengele chako cha tatu, kilichokuwa kimelala katikati ya orodha, kinapoamka. Katika orodha kilisema tu kwamba Kiingereza ni dhaifu. Hapa kinapima daraja.

Naomba uitazame pia ile sentensi kuhusu ushauri wa Criper na Dodd. Wewe hukuiandika, na sidhani kama ulificha. Pengine uliisoma taarifa yao kupitia kwa mtu mwingine aliyekata kipande alichokitaka. Lakini mhadhiri anayeijua atakushika. Ukiisema mwenyewe, ushahidi unabaki wako. Akiisema yeye, umeupoteza na uaminifu wako juu yake. Halafu kuna kishawishi kingine: kuongeza mwishoni kwamba mwanafunzi huyo "na fizikia yenyewe hakuielewa". Inapendeza, ina mizani. Ila hapo walichozungumzia ni kiwango cha Kiingereza, hukuonyesha matokeo ya fizikia, kwa hiyo huna haki ya kuisema kwa jina lao. Na jua kwamba 1984 ni zamani. Mpinzani wa nne, mdogo, ataibuka kuuliza kama mambo bado yako hivyo. Nenda maktaba utafute utafiti wa karibuni zaidi uuweke kando ya huo, usisubiri aulize.

Sasa aya ya pili. Iunge na ya kwanza kwa sentensi inayotembea, usitumie "pili": *"Mtu anaweza kuyakubali haya yote na bado akauliza kemia hiyo itafundishwa kwa maneno gani."* Hiyo ndiyo inayozifanya aya zisiweze kubadilishana viti. Kisha mtajie hoja yake: istilahi ni chache, zilizopo hazijazoeleka, vitabu vya kiada inabidi viandikwe upya, na walimu wenyewe wamesomea masomo yao kwa Kiingereza. Mjibu: kazi hiyo ni kweli ni kubwa na ina gharama. Daraja lake lisilosemwa ni lipi? Ni kwamba istilahi lazima zikamilike kwanza ndipo lugha itumike.

Hapa ulitaka kamusi ya TUKI ya 1990 ifanye kazi yote peke yake, na haiwezi. Kamusi inathibitisha kwamba maneno yametungwa. Haithibitishi kwamba yanatumika, na mpinzani wako atakuambia palepale kwamba kamusi hiyo imekaa rafuni tangu 1990. Iweke pamoja na kitu kinachoonyesha matumizi. Unacho, tena kwenye kipengele chako cha kwanza: shule ya msingi. Mtoto wa Kitanzania anasoma usanisinuru, mmeng'enyo wa chakula na mfumo wa upumuaji kwa Kiswahili, na maneno kama oksijeni na kaboni yameingia yakakaa, hayakuombewa ruhusa na mtu. Maneno hayo yalizoeleka kwa kuwa yalifundishiwa. Ndipo unapoweza kumpangua: matumizi hayakungoja istilahi ziishe, istilahi zilikomaa ndani ya matumizi, na kamusi ya 1990 ni hazina inayosubiri darasa.

Vipi kuhusu 2021? Kabla ya mabadiliko hayo hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, na pingamizi lililosikika lilikuwa lilelile, kwamba lugha ya sheria ina maneno mazito yasiyo na Kiswahili chake. Unaweza kuitumia kama mfano wa sambamba: pingamizi la istilahi lilikuwepo na halikuzuia uamuzi. Usiende mbali zaidi ya hapo. Sheria kubadilishwa hakuthibitishi kwamba kila hukumu sasa inaandikwa vizuri kwa Kiswahili, na mahakama si darasa la fizikia. Sentensi moja inatosha, na iseme wazi kwamba ni ulinganisho.

Ninachokuomba sana katika aya hizi ni kujizuia na neno "kasumba". Waandishi wengi wanaotetea Kiswahili, wakifika kwa wanaopinga, husema hao wana kasumba ya kikoloni, wakaendelea na safari. Hata kama kwa baadhi yao ni kweli, hilo ni neno juu ya mtu, na hoja yake ya istilahi umeiacha imekaa palepale ilipokuwa. Kosa jingine la aina hiyo ni jibu lisilokutana na hoja. Mpinzani anazungumzia ajira, wewe unamjibu utamaduni na utaifa. Vyote ni vya maana, ila havijakutana. Namna ya kugundua: chukua nomino kubwa ya hoja yake, mfano "ajira", uitafute kwenye sentensi zako za kupangua. Usipoiona, wala kitu kinachoigusa, umejibu swali lingine.

Tumefika kwa wa tatu, na huyu ndiye ninayemwogopa. Anasema: shule za umma zikihamia Kiswahili, wenye pesa watawapeleka watoto wao shule binafsi za Kiingereza. Miaka kumi baadaye waajiri watachukua wa Kiingereza, na mtoto wa mkulima, uliyedai unamsaidia, atakuwa umemfungia nje wewe mwenyewe. Huyu hapingi sababu yako. Anaichukua huruma yako ileile kwa mtoto wa shule ya umma na kuigeuza dhidi yako. Mtaje hivyo, bila kumpunguza.

Kumjibu ni rahisi, kwa sababu ana haki nyingi. Kumpangua ndiko kugumu. Unaweza kuonyesha kwamba anachukulia hali ya sasa inamlinda mtoto wa mkulima, ilhali pengo hilo lipo leo, Kiingereza kikiwa ndicho lugha ya kufundishia kwenye shule zote mbili. Wa mchepuo amekianza darasa la kwanza au kabla, wa shule ya umma anakutana nacho kama lugha ya masomo yote akiwa kidato cha kwanza. Hilo linapunguza nguvu ya hoja yake, kwa kuwa linaonyesha kwamba kubaki na Kiingereza hakukuziba pengo. Lakini haliimalizi. Kwamba pengo lipo leo hakumaanishi halitapanuka kesho, na katika vipengele vyako sita hakuna hata kimoja kinacholigusa hilo.

Mwandishi akifika hapa ana njia mbili za uaminifu. Ya kwanza ni kutafuta ushahidi mpya, na kwa muda uliobaki nao huenda usiupate. Ya pili ni kulipunguza dai lake mpaka lifikie ukubwa anaoweza kuulinda. Wanafunzi huiona hii ya pili kama kushindwa, na mimi nawarudishia insha kwa sababu hawakuifanya. Dai lako la sasa ni hili: "Kiswahili kitumike kufundishia sekondari." Baada ya kukutana na watu watatu, dai unaloweza kulilinda ni kama hili:

*"Kiswahili kianze kutumika kufundishia kidato cha kwanza na kipandishwe darasa moja kila mwaka kadiri vitabu vinavyotoka, Kiingereza kikifundishwa kama somo lenye vipindi vingi zaidi na walimu waliolisomea, na utaratibu huo uzihusu shule za umma na za binafsi kwa pamoja."*

Kila kipande cha sentensi hiyo kimewekwa na mpinzani mmoja. "Kama somo" kimetoka kwa wa kwanza. "Kadiri vitabu vinavyotoka" kimetoka kwa wa pili. "Za umma na za binafsi kwa pamoja" kimetoka kwa wa tatu, na hicho ndicho kipande kitakachokuletea ubishi mpya, kwa kuwa wazazi wanaolipa ada watauliza serikali inaingiaje kwenye pesa zao. Kama huwezi kukitetea kwa aya moja, kiondoe, na badala yake ukubali wazi, mwishoni mwa aya ya tatu, kwamba pengo la shule binafsi linahitaji hatua nyingine ambazo insha yako haizihusu. Chagua moja. Usiache pengo hilo kimya.

Kwa maneno 1,500 ningegawa hivi: utangulizi wenye historia na dai, 200, sababu yako, 300, mpinzani wa kwanza 280, wa pili 250, wa tatu 300, na hitimisho kwa hayo yanayosalia. Hitimisho lisirudie orodha. Lichukue dai lililopunguzwa na kusema nini kifanyike kwanza, kidato cha kwanza, kwa vitabu vya masomo gani.

Kisha rudi kwenye utangulizi. Dai uliloliandika huko lilikuwa la zamani, la kabla hujakutana na hao watatu, na wengi husahau kulibadilisha, insha ikawa inaanza na dai moja na kuisha na jingine. Liweke jipya hapo juu, neno kwa neno kama lilivyo mwishoni, na ukiituma tena kwa mhadhiri muonyeshe kwa penseli pembeni ya aya zile tatu ni sentensi ipi inataja, ipi inajibu, na ipi inapangua. Ikiwepo aya ambayo penseli yako inakosa pa kuandika mojawapo, hiyo usiitume bado.